Tumbo la Masanja linauma kila baba akienda ziwani: nimsimulie hadithi gani?

Shikamoo Shangazi. Naishi Igombe, nauza dagaa. Mume wangu ni mvuvi: kipindi cha giza anakwenda kambi visiwani, mbalamwezi ikitoka anarudi nyumbani. Mwanetu Masanja ana miaka mitano, yuko chekechea. Baba yake akiondoka tu, tumbo linamuuma. Nikimuuliza anajisikiaje, jibu ni hilohilo, tumbo. Na ukimgusa kidogo anampiga mdogo wake. Mwalimu ametuomba wazazi tuwasimulie watoto hadithi za hisia wakati wa kulala, ili wajifunze kuzitaja. Mimi najua za Sungura na Fisi, na kila nikimaliza najikuta namwambia "kwa hiyo na wewe uache hasira", naye ananipa mgongo. Nisimulie nini, na nisimulie vipi?
Mama Masanja, Igombe

Marahaba, Mama Masanja.

Tuanze na tumbo lenyewe, maana huku kwetu ziwani tumbo la mtoto haliitwi hisia kabla halijapimwa. Kichocho cha tumbo kipo ukanda wote huu, na mtoto anayechezea maji ufukweni wakati mama anaanika dagaa anaweza kukipata kirahisi. Minyoo nayo ipo. Kampeni za dawa hulenga zaidi wanafunzi wa shule ya msingi, kwa hiyo wa chekechea anaweza kupitwa. Mpeleke zahanati apimwe choo. Ukiona damu kwenye choo, kuharisha kunakojirudia, mwili kupungua, au maumivu yanayomwamsha usiku hata baba akiwa nyumbani, usingoje hadithi ifanye kazi.

Lakini tumbo linaloanza baba akifunga begi, likauma katikati karibu na kitovu, likapotea mtoto akinogewa na mchezo, mara nyingi ni huzuni au wasiwasi ambao mwenyewe hajui kuutaja. Na linauma kweli, hasingizii. Kwa umri wake mambo ya moyoni hujitokeza mwilini kwanza, na ukimuuliza anajisikiaje anakuonesha pale anapopasikia.

Sasa hadithi. Sungura na Fisi ni tamu, mimi mwenyewe nazipenda, ila kwa kazi hii hazifai. Ndani yake mwenye hasira ndiye mjinga, mwenye woga ndiye anayechekwa. Mtoto anasikiliza, anajifunza kuficha. Wewe unataka hadithi ambayo mhusika anahisi jambo, analieleza, na hakuna anayemcheka.

Kwa mtoto wa miaka mitano, hisia mbili zinatosha kwa hadithi moja. Watoto wengi huitambua furaha mapema kuliko zote, halafu huzuni na hasira. Woga, wivu na aibu huchelewa, na kwa muda mrefu huzichanganya. Kwa Masanja ningechukua huzuni na hasira, kwa sababu ndizo zilizomo nyumbani kwenu hivi sasa: anamkumbuka baba, na papo hapo amemkasirikia baba kwa kumwacha. Sisi wakubwa tunaweza kusema nampenda na nimemkasirikia, tukaelewana. Mtoto wa chekechea bado hajafika hapo, na ukimwambia ana vyote viwili kwa wakati mmoja ataona unamchanganya. Kwa hiyo katika hadithi huzuni itangulie, itulie, ndipo hasira iingie na sababu yake nyingine.

Halafu jina la hisia lije mwishoni. Kwanza mtoto asikie mwili wa mhusika unafanya nini, kisha nini kilitokea, ndipo jina. Ukianza na "Tindi alikuwa na huzuni" hana cha kushika. Ukisema koo lilikaba na hakuna mwiba, anaweza kujitambua kabla hujataja chochote.

Nimekutungia hii. Mhusika ni mnandi, yule ndege mweusi anayekaa juu ya mawe na kutandaza mabawa yakauke. Masanja anamjua, na siku mkienda mjini mtazame kwenye mawe ya ziwa, mtawaona. Nimemchagua ndege kwa makusudi: mtoto huweza kumzungumzia ndege kirefu bila kulazimika kujizungumzia mwenyewe. Na utaona hakuna mamba, hakuna dhoruba, hakuna mtumbwi unaopinduka. Usiku unaposimulia, baba yake yuko majini kweli.

"Hadithi, hadithi!" Masanja aitikie: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Hapo zamani, juu ya jiwe kubwa ziwani, iliishi familia ya mnandi. Alikuwepo baba, alikuwepo mama, alikuwepo bibi, alikuwepo dada mkubwa jina lake Pili, na mdogo wao, Tindi. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuanikia mabawa. Pa baba palikuwa juu, juu, juu kabisa ya jiwe.

Asubuhi moja baba alimwambia Tindi, "Nakwenda kuvua mbali, nitalala huko. Wewe utabaki na mama, na Pili, na bibi." Akaruka. Pa, pa, pa, pa. Akawa mdogo. Akawa nukta. Nukta nayo haikuonekana tena.

Tindi akapewa samaki, akala nusu. Akatandaza bawa moja, la pili akalisahau. Koo lake lilikuwa limekaba, na mwiba hakumeza. Macho yakajaa maji, na ziwani hakuingia. Mabawa yakawa mazito, na yalikuwa makavu kabisa.

Bibi akasogea polepole, tu, tu, tu, akamuuliza:

"Tindi, Tindi, ndani kuna nini?"

"Ndani kuna kitu, jina silijui."

"Kiko wapi?"

"Hapa kooni. Na hapa machoni."

"Kilikuja wakati gani?"

"Nilipotazama kule juu, pa baba. Hayupo."

"Aa," bibi akasema. "Hiyo inaitwa huzuni. Huja tukimkumbuka mtu tunayempenda."

"Huzuni," Tindi akasema. "Nina huzuni."

"Unataka tukae nayo wapi?"

"Hapa, karibu yako."

Wakakaa. Chozi likatoka moja, likatoka la pili. Bibi hakumwambia nyamaza. Wakakaa, wakakaa, koo likaanza kulegea. Tindi akamalizia samaki wake.

Mchana jua likawaka. Pili akatoka majini anachuruzika maji, akapanda jiwe. Akapanda juu, juu, juu kabisa, akatandaza mabawa yake. Alikaa pa nani?

Pa baba!

Manyoya ya Tindi yakasimama. Uso ukapata moto. Mdomo ukabana, kucha zikajikunja, moyo ukaenda du, du, du, du! Tindi akapanda mbio, akamdonoa Pili mgongoni. Nyoya moja likang'oka, likaanguka majini.

"Umeniumiza!" Pili akalia.

Bibi akaja, akasimama katikati yao. Kwanza akautazama mgongo wa Pili. Kisha akamgeukia Tindi.

"Tindi, Tindi, ndani kuna nini?"

"Ndani kuna kitu, jina silijui!"

"Ni huzuni ile ya asubuhi?"

"Siyo! Ile ilikuwa nzito, hii ina moto! Iko usoni, iko kwenye kucha!"

"Ilikuja wakati gani?"

"Pili alipokaa pa baba!"

"Hiyo inaitwa hasira. Huja tukiona jambo haliko sawa. Hasira ruksa, Tindi. Kudonoa hapana. Mwambie Pili kwa maneno."

Tindi akavuta pumzi, akaitoa, fuuuu. "Pili, nina hasira. Hapo ni pa baba."

Pili akatazama chini. "Nimekaa hapa kwa sababu namkumbuka."

Kumbe! Kumbe Pili naye ana huzuni. Tindi akasogea, akayalaza manyoya ya Pili pale alipomdonoa. "Pole, Pili."

Jua likazama. Mama akaja, bibi akaja, Pili akaja, wakajibana pamoja, Tindi katikati. Mbali ziwani taa za wavuvi zikaanza kuwaka. Moja. Mbili. Tatu. Nyingi.

"Tindi, Tindi, ndani kuna nini?"

Tindi akajisikiliza. "Huzuni ipo, ndogo. Hasira imeondoka. Na kuna usingizi."

"Basi lala nao."

Tindi akaingiza kichwa chini ya bawa. Pili akalala. Mama akalala. Bibi naye akalala. Hadithi yangu imeishia hapo.

Umeona baba hajarudi, na utatamani kumrudisha. Usimrudishe. Masanja akiamka asubuhi baba yake hatakuwepo, na hadithi itakuwa imemdanganya. Kinachomlaza Tindi ni kwamba ameeleweka na wenzake wapo. Hiyo Masanja anayo hata baba akiwa kambini.

Isimulie akiwa tayari amelala kitandani, taa imepunguzwa. Ukienda taratibu haitachukua hata dakika kumi. Sehemu ya dada Pili na nyoya ndiyo yenye kelele. Iache iwe na kelele kidogo, ila tangu jua linapozama shusha sauti na uongeze nafasi kati ya sentensi. Yale maswali ya bibi yaseme vilevile kila mara, neno kwa neno, kwa sababu mtoto atayashika, na usiku mmoja yeye ndiye atakuwa anamjibu bibi. Akitaka hadithi hiyohiyo kesho na keshokutwa, mpe hiyohiyo. Wewe utachoka kabla yake.

Ikiisha, nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. "Umejifunza nini?" Au, "Si unaona Tindi ameacha kudonoa?" Mtoto anajua mara moja kwamba ndege yule alikuwa ni yeye, na kwamba hadithi ilikuwa kesi. Ndiyo maana Masanja anakupa mgongo. Akisema mwenyewe "Tindi alikuwa na hasira", wewe sema, "Eeh, alikuwa nayo", umwachie hapo. Akitaka kuendelea ataendelea.

Kazi nyingine ni ya mchana. Tuseme umerudi kutoka mwaloni, umeinama unapepeta dagaa, mara unasikia mdogo wake analia na Masanja amekunja ngumi. Zuia mkono kwanza, bila maneno mengi. Mtazame aliyepigwa, kama bibi alivyomtazama Pili. Kisha piga goti ulingane na Masanja, umwambie unachokiona: "Ngumi zimekaza, uso una moto. Ni hasira, au ni kitu kingine?" Ile "au" ni muhimu, inamwachia nafasi ya kukukatalia. Akisema siyo hasira, usibishane naye. Huenda ni wivu ambao bado hamjaufikia, huenda ni njaa. Akisema ndiyo, mjibu kwa maneno ya bibi: hasira ruksa, kupiga hapana. Kisha msaidie kupata sentensi ya kumwambia mdogo wake: "Nina hasira, umechukua gari langu." Kama bado anapiga kelele na hakusikii, acha masomo yote. Kaa karibu, subiri atulie. Mtoto aliyefura hawezi kujifunza neno jipya wakati huo. Ndiyo sababu tunalipanda usiku, akiwa ametulia.

Usitegemee ataanza na nafsi yake. Mara nyingi mtoto hutaja kwanza hisia ya ndege, halafu ya mtu mwingine ("mdogo wangu ana huzuni, amedondosha andazi"), na ya kwake huja baadaye, pengine baada ya wiki kadhaa. Atakosea pia. Atasema ana huzuni kumbe ana usingizi, au atatangaza "nina hasira!" huku anapiga, akidhani jina ni kibali. Kwa hilo la pili sentensi ya bibi unayo. Kwa lile la kwanza, mwache tu, atarekebisha mwenyewe. Na usishangae akilia zaidi siku za mwanzo, badala ya kulalamikia tumbo. Hapo usiruhusu mjomba au jirani amwambie mwanaume halii, maana atarudi kwenye tumbo.

Kuna jambo la baba ambalo hadithi haiwezi kulifanya. Aage. Wavuvi wengi huondoka kimyakimya mtoto akiwa amelala au anacheza, wakidhani wanamwepusha na kilio. Anachojifunza mtoto ni kwamba baba anaweza kutoweka wakati wowote, na huanza kumlinda kwa macho, kumng'ang'ania, kuamka usiku. Bora alie mlangoni huku amebebwa na wewe. Baba aseme anakokwenda, nani atabaki na Masanja, na amwonyeshe mwezi. Mtoto wa miaka mitano hawezi kushika tarehe, lakini mwezi wa Igombe anauona: baada ya kuwa mkubwa unaanza kupungua na kuchelewa kutoka, giza linaingia, baba anakwenda kwenye dagaa, ukirudi kuwa mkubwa, ndipo mnapomsubiri. Tumieni hilo neno "tutamsubiri". Upepo na injini havina ahadi, na ukimwambia "atakuja" asije, neno lako litapungua thamani.

Kama vipimo ni safi, mmesimulia na kuagana vizuri kwa vipindi viwili vitatu vya giza, na bado anakataa shule, halali, au tumbo linaendelea hata baba akiwa nyumbani, rudi kwa daktari umweleze yote haya, pamoja na safari za baba, siyo tumbo peke yake.

Hadithi hii ikishamwingia, unaweza kumtungia Tindi nyingine ya woga kwa mpango uleule: mwili, kilichotokea, jina, anayemsikiliza. Ngurumo juu ya jiwe inatosha, hakuna haja ya jitu. Ila hiyo usiianze wakati wa giza. Ngoja mbalamwezi, siku ambayo baba amelala chumba cha pili na Masanja anaweza kwenda kumgusa.